Gemu Ikiwa Ndogo Kama Stempu, Mwache Kioo Chako

Kuna ushauri ambao natamani ufe mwaka huu. Mtu amenunua laptopu nzuri ya mitumba, kioo cha inchi 14 chenye pikseli 1920×1080, amefurahi, amepakia gemu yake ya zamani aliyoizoea. Anaifungua, dirisha linatokea limepita chini ya kioo na kitufe cha kuanza hakionekani. Au linatokea dogo kama stempu, pale pembeni. Anapeleka kwa fundi, na fundi bila hata kuvuta kiti anasema: shusha kioo mpaka 1366×768, au rudisha ukuzaji uwe asilimia 100. Mwingine ambaye simtaji alimwambia kijana wa jirani yangu kwamba kadi ya picha imekufa, alipe. Kadi ilikuwa nzima kabisa.

Hebu tuone huo ushauri unafanya nini. Kioo cha laptopu kina pikseli zilizopangwa kiwandani, hazipungui wala kuongezeka. Ukikiambia kionyeshe 1366×768 inabidi kigawe picha ndogo juu ya pikseli nyingi zisizogawanyika sawasawa, na kuanzia hapo kila herufi, kwenye kila programu, inakuwa na ukungu. Ukirudisha ukuzaji asilimia 100, herufi zote zinapungua hadi theluthi mbili ya zilivyokuwa, na mama mwenye laptopu anayesoma barua zake jioni anaanza kusogeza pua kwenye kioo. Yote hayo kwa ajili ya gemu moja! Ni kama kubomoa ukuta wa sebule kwa sababu kochi moja halipiti mlangoni.

Kosa liko kwenye mazungumzo kati ya Windows na hiyo gemu moja, na linatibiwa kwa gemu hiyo peke yake. Lakini lazima ujue mazungumzo yenyewe, maana kuna makosa mawili yanayokwenda pande mbili tofauti, na dawa ya moja ni sumu ya lingine. Hapo ndipo hata wale wanaojua njia sahihi wanapowapotosha watu: wanasema "weka Application" kwa kila mgonjwa kama Panadol.

Miaka mingi programu za Windows ziliandikwa kwa imani kwamba inchi moja ya kioo ina nukta 96. Vioo vilipoanza kuwa na pikseli nyingi katika nafasi ileile, vitu vilianza kusinyaa. Windows Vista, iliyotoka 2007, ilileta mpango ambao mpaka leo uko nasi. Programu inatakiwa iseme: mimi naelewa habari ya ukuzaji, niache nijichore mwenyewe. Ikisema hivyo, Windows inaiacha. Isiposema kitu, Windows inaichukulia kama mgeni asiyejua mji: inaidanganya kwamba kioo ni kidogo, inaiacha ichore, kisha inaivuta ile picha ikubwe, kama unavyovuta picha kwenye simu kwa vidole viwili.

Sasa chukua ile laptopu ya 1920×1080, ukuzaji asilimia 150. Gemu ambayo haijasema kitu ikiuliza kioo kina ukubwa gani inajibiwa 1280×720, yaani kila upande umegawanywa kwa 1.5. Gemu hii ina dirisha lisilobadilika la 1024×768, kipimo cha kawaida sana zamani zile. Windows inalizidisha kwa 1.5, linakuwa 1536×1152. Kwa upana linaenea vizuri. Kwa urefu, kioo kina pikseli 1080 tu, kwa hiyo 72 zimeshamwagika nje. Ongeza ule mstari wa chini wa Windows 10 ambao kwa ukuzaji huo unakula pikseli 60, jumla 132, na bado hatujahesabu kichwa cha dirisha. Ukirudisha kwenye vipimo vya gemu yenyewe, ni mistari 88 ya chini iliyofichika, na waundaji wa gemu walipenda kuweka vitufe vya kuanza na kutoka hapohapo chini.

Gemu inayoshika kioo kizima inaweza kuchekesha zaidi. Ikiomba orodha ya vipimo ambavyo kioo kinaweza, inapewa vya kweli, 1920×1080. Ikiuliza ukubwa wa kioo kwa njia nyingine, inapewa ile hadithi ya 1280×720. Majibu mawili kwa swali moja. Matokeo yake unaona kona ya juu kushoto tu ya mchezo, au unabofya kitufe na kinachoitika ni kingine kilicho mbali.

Ugonjwa wa pili ni kinyume. Gemu imeapa kwamba inaelewa ukuzaji, na haielewi. Hapa nawalaumu ndugu zangu waandika programu, nami ni mmoja wa kabila hilo. Wateja walilalamika picha ina ukungu, na sisi tukagundua kwamba mstari mmoja wa kodi unaondoa ukungu:

```
SetProcessDPIAware();
```

Mstari huo ni kiapo. Maana yake ni "nitapima kioo na kukuza vitu mwenyewe". Wengi waliuweka wakaenda kulala, bila kuandika hata mstari mmoja wa kukuza kitu. Windows ikawaamini. Dirisha la 640×480 likatoka hivyohivyo, pikseli kwa pikseli. Kwenye laptopu ya inchi 15.6 yenye pikseli 3840×2160, dirisha hilo lina upana wa sentimita kama 5.8 na urefu wa 4.3. Kiberiti cha jikoni hakizidi sana hapo. Nani atasoma mazungumzo ya wahusika ndani yake?

Unajuaje ugonjwa ni upi? Angalia herufi. Zikiwa kubwa na zenye ukungu, Windows ndiyo inayovuta picha, kwa hiyo unatakiwa kuizuia. Zikiwa kali kama wembe lakini hazisomeki kwa udogo, gemu ndiyo iliyoapa uongo, na unatakiwa kumkabidhi Windows kazi hiyo kwa nguvu. Ukitaka ushahidi, fungua Task Manager gemu ikiwa inakimbia, nenda Details, bofya kulia juu ya vichwa vya safu, chagua Select columns, weka alama kwenye DPI Awareness. Windows 11 na matoleo ya mwisho ya Windows 10 yanayo. Unaware ni yule mgeni asiyesema kitu. System au Per-Monitor ni aliyeapa.

Haya, tiba. Kwenye hiyohiyo orodha ya Details bofya kulia jina la gemu uchague Open file location. Nasisitiza njia hii kwa sababu watu wengi hukosea hapa, kisha wanasema dawa haifanyi kazi. Ile picha iliyoko mezani mara nyingi inafungua programu ya kuzindua tu, nayo ndiyo inayoita gemu halisi yenye jina jingine. Ukitibu mzinduzi, gemu haina habari. Njia za mkato zinazowekwa na Steam ndizo mbaya zaidi, ni anwani tu, hazina hata ukurasa wa Compatibility.

Ukishaipata faili yenyewe yenye mwisho wa .exe, funga gemu, bofya kulia faili, Properties, Compatibility, kisha Change high DPI settings. Chini kabisa weka alama kwenye Override high DPI scaling behavior. Kiboksi cha juu, cha Program DPI, kiache. Hicho ni cha wale wanaochomeka na kuchomoa kioo cha pili wakiwa kazini, na kukijaza ovyo kunachanganya tu. Katika orodha chagua Application kama dirisha limemwagika nje na lina ukungu. Chagua System kama ni kiberiti. OK, Apply, fungua gemu upya.

Kwa gemu yetu ya kwanza, Application italipa 1024×768 za kweli. Linaingia lote, upana wake ni zaidi kidogo ya nusu ya kioo. Kwa kile kiberiti, ukuzaji ukiwa asilimia 250, System italifanya 1600×1200, lenye ukungu kiasi lakini linachezeka. Ukungu huo ndio bei, na mtu akikuahidi System (Enhanced) itauondoa, muulize gemu inachorwa kwa nini. Chaguo hilo lilikuja 2017 kwa programu zinazochora kwa GDI, ile njia ya zamani ya Windows ya kuchora herufi na mistari. Gemu zinazochora kwa DirectX au OpenGL hazinufaiki nalo.

Uamuzi wako haukai ndani ya gemu, unakaa kwenye rejista ya Windows kwa anwani kamili ya faili. Ukihamisha folda ya gemu kutoka diski C kwenda D, umeufuta. Ukimnakilia rafiki kwa flashi, hauendi naye. Mwenye kuhudumia mashine nyingi za saiba anaweza kuuweka kwa amri moja:

```
reg add "HKCU\Software\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\AppCompatFlags\Layers" /v "D:\Gemu\mchezo.exe" /t REG_SZ /d "~ HIGHDPIAWARE" /f
```

HIGHDPIAWARE ni Application. Kwa System andika DPIUNAWARE. Kumbuka /f inafuta chochote kilichokuwa kimewekwa kwa faili hiyo, kwa hiyo kama ulikuwa umeipa pia hali ya Windows XP, viandike vyote katika mstari mmoja vikitenganishwa kwa nafasi.

Kuna dirisha moja lililopotea ambalo haya yote hayaligusi. Gemu nyingine hukumbuka mahali ilipoachwa, na kama iliachwa kwenye kioo cha pili ambacho sasa hakipo, itafunguka hukohuko gizani. Huko hakuna habari ya ukuzaji. Bonyeza Alt na nafasi, kisha M, kisha mshale mmoja wowote, halafu sogeza kipanya: dirisha litakifuata mpaka lirudi.