Chokaa ya Kakontwe kwenye kisanduku cha kutafutia

Kakontwe, pale Likasi, kuna mawe ya chokaa, lakini mnunuzi wa Lubumbashi akishika simu kutafuta chokaa haandiki sifa. Anaandika kitu anachokitaka, mara nyingi kwa Kifaransa: "chaux vive" akinunulia kiwanda cha shaba, "chaux éteinte" akiwa fundi wa kupaka kuta. Tangazo linaloitwa "Bidhaa bora, bei nafuu" halina hata neno moja la kuwakutanisha wanunuzi hao na muuzaji. Kichwa kifaacho ni "Chaux éteinte, sac de 25 kg, Likasi"; kwenye maelezo ndipo ikae "chokaa iliyozimwa, ya kupaka ukuta", kwa ajili ya anayetafuta kwa Kiswahili. Wapo watakaosema tuweke "chaux vive" na "chaux éteinte" pamoja kichwani tuwapate wote. Sikubali. Chokaa ambayo haijazimwa ikikutana na maji hutoa joto kali na huunguza ngozi; fundi aliyevutwa na neno lisilo lake ataondoka, au ataumia. Muuzaji aandike herufi za mwanzo kwenye kisanduku cha kutafutia, asome mapendekezo yanayojitokeza, kisha asikilize maswali ya wateja. Wakiendelea kuuliza "imezimwa au bado?", kichwa hicho kibadilishwe leo.