Inapanda Tangu Lini?

"Weka stoo, mpunga haushuki." Fika Dakawa mwezi wa saba, wakati mashine za kukoboa zinanguruma kandokando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma na maturubai yamefunikwa na mpunga unaoanikwa, utaambiwa maneno hayo kabla hujamaliza kusalimia. Wakulima wanayasema, madalali wanayasema, na wanaotoa mikopo ya mavuno wanayasema kwa uhakika kuliko wote. Mimi nayapinga. Sikatai kwamba bei hupanda baada ya mavuno, maana miaka mingi hupanda kweli. Ninachokataa ni imani iliyojificha humo ndani, kwamba bei ina mwelekeo mmoja, na kwamba kila mwenye gunia anaweza kuufuata mwelekeo huohuo akanufaika.

Tuanze na ukweli uliomo kwenye imani hiyo. Skimu ya Dakawa, lile shamba la zamani la NAFCO lenye hekta zipatazo 2,000 zinazonyweshwa kwa pampu kutoka Mto Wami, huvuna mpunga wake mwingi kuanzia mwezi wa sita. Kilombero na Mbarali nao wanavuna karibu na wakati huo. Mzigo wote unaingia sokoni kwa pamoja, na watu wana madeni ya mbolea, ya trekta na ya vibarua, kwa hiyo wanauza. Kufikia Januari hadi Machi stoo zimepungua na mashambani mpunga bado ni mbichi. Mtu anayeandika bei mara moja kwa mwezi ataona mstari unaopanda kutoka Julai hadi Februari, naye hadanganyi akisema soko linapanda.

Sasa chukua mfano wa daftari moja la bei. Tarakimu ni zangu, nimezifanya nyepesi ili hesabu ionekane. Julai mpunga ni shilingi 800 kwa kilo. Mwishoni mwa Septemba umefika 880. Wiki tatu za Oktoba unateremka hadi 820, kwa sababu watu wengi wametoa mizigo kwa wakati mmoja kutafuta fedha za kuandaa mashamba. Novemba unarudi 900, na Januari unafika 1,000. Ukurasa wa nyuma, wa mwaka uliopita, unaonyesha Januari ile ilikuwa 1,200.

Mwulize mnunuzi anayepakia lori kila wiki, katikati ya Oktoba, bei inakwendaje. Atakuambia inashuka, na ameiona ikishuka kwa macho yake. Mwulize mama aliyeweka magunia tangu Julai, atakuambia inapanda: 820 ni zaidi ya 800. Januari ikifika, mwulize anayelinganisha mwaka na mwaka, atakuambia inashuka, kwa sababu kilele cha mwaka huu kimekaa chini ya kile cha mwaka jana. Daftari ni moja, mpunga ni uleule, na hakuna aliyekosea. Kila mmoja ametumia kipimo chake cha muda. Kosa huanza pale mmoja anapochukua jibu la mwenzake akalifanyia kazi.

Kosa hilo lina sura mbili, na zote zinaua mtaji. Ya kwanza ni ya mama yule mwenye stoo anaposikia kijiweni Oktoba kwamba "bei imevunjika", akauza kwa 820 mzigo aliokusudia kuufikisha Januari. Ameacha kipimo cha miezi akaingia kwenye kipimo cha wiki, ambako hana lori wala mashine wala mteja wa kumpigia simu asubuhi. Sura ya pili ni ya mfanyabiashara wa lori anayebaki na mzigo sokoni Dar es Salaam wiki ya tatu akijipa moyo kwamba "mpunga haushuki". Ngoja tumpigie hesabu. Amenunua kwa 800. Kilo 100 za mpunga zikimpa kilo 65 za mchele, kila kilo ya mchele imemgharimu shilingi 1,231. Ongeza kukoboa na nauli, tuseme 120, anafika 1,351. Akiuza 1,430 anapata shilingi 79 kwa kilo. Bei ikiteremka kwa asilimia 5 tu akiwa njiani, anauza karibu 1,358, na faida imebaki shilingi 7. Mtu wa namna hii anaishi kwa tofauti ya bei ya mpunga Dakawa leo na bei ya mchele sokoni kesho kutwa. Kupanda kwa miezi sita hakumhusu hata kidogo, na akitegemea kupanda huko anageuka mwenye stoo asiye na stoo.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kufungua daftari ni hili: fedha yangu inaweza kukaa muda gani bila kudaiwa? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua kipimo. Watu wengi wanafanya kinyume chake. Wanatazama kipimo kinachoonyesha wanachotaka kukiona, kisha wanalazimisha fedha zao zikifuate.

Hapa ndipo imani ya "weka stoo" inapowaumiza wanyonge zaidi. Rudi kwenye daftari letu. Mtu amekopa shilingi milioni 8, amenunua kilo 10,000 Julai kwa 800, na Januari anauza kwa 1,000. Bei imepanda kwa asilimia 25. Kila mtu atampongeza. Lakini mpunga wa Julai ulikuwa na unyevu wa asilimia 20, na hauhifadhiki mpaka ukaushwe ufike karibu asilimia 14. Maji yakitoka, kilo 10,000 zinabaki kama 9,300. Mauzo ni shilingi milioni 9.3. Weka magunia 100 kwa shilingi 1,500 kila moja, stoo kwa shilingi 1,000 kwa gunia kwa mwezi kwa miezi sita, na riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Magunia ni 150,000, stoo ni 600,000, riba ni 1,440,000. Ukitoa vyote pamoja na mkopo wenyewe, amepata hasara ya shilingi 890,000 katika soko lililopanda kwa robo nzima. Ili asipoteze hata senti, bei ya Januari ilitakiwa kufika karibu 1,096.

Jirani yake aliyeweka mpunga uleule kwa fedha zake mwenyewe amepata faida ya shilingi 550,000. Wote wawili waliuona mwelekeo mmoja kwenye kipimo kimoja. Tofauti yao ni kwamba fedha ya mmoja ilikuwa fedha ya miezi sita kweli, na ya mwingine ilikuwa inadaiwa kila mwezi. Anayekatwa riba kila mwezi lazima aulize kila mwezi kama bei imepanda kuliko gharama ya kungoja. Katika daftari letu, kungoja kunamla shilingi 340,000 kwa mwezi, yaani kama shilingi 37 kwa kila kilo iliyobaki. Oktoba bei iliposhuka, yeye hakuwa na sababu ya kuvumilia ambayo jirani yake alikuwa nayo.

Wapo watakaosema basi dawa ni kutazama kipimo kirefu kuliko vyote, miaka. Nacho kina mtego wake. Mwanzoni mwa 2023 mchele ulivuka shilingi 3,000 kwa kilo katika masoko mengi ya mijini. Aliyeanza kuandika bei mwaka 2022 alikuwa na ushahidi mtupu wa kupanda, kisha mavuno yakaja na bei ikashuka. Mwaka 2013 Serikali iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru, ilhali ushuru wa kawaida wa Afrika Mashariki ni asilimia 75, na waliokuwa wamejaza stoo wakingoja bei ipande waliishia kushindana na mchele wa melini. Hakuna mstari wa miezi sita unaoweza kukuonya juu ya jambo kama hilo. Na miaka mitano ya kumbukumbu inakupa Januari tano tu, ambazo ni chache mno kuziita kanuni.

Vijana wa Morogoro mjini wanaofanya biashara ya fedha za kigeni kwenye simu wanaujua mchezo huu kwa majina mengine. Wanabonyeza H1 dola inapanda, wanabonyeza D1 inashuka, wanabishana usiku kucha nani anajua kusoma chati. Shilingi yetu yenyewe iliwapa funzo. Oktoba 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 2,700. Kufikia Desemba ilikuwa chini ya 2,400, na Aprili 2025 ilikuwa imekaribia tena 2,700. Aliyetazama wiki za Desemba aliona shilingi ikiimarika kwa kasi kubwa. Aliyelinganisha Oktoba na Aprili aliona kama hakuna kilichotokea. Mwagizaji wa vipuri anayelipa ankara ndani ya siku 30 na mzazi anayeweka dola za ada ya miaka mitatu ijayo hawapaswi hata kusikilizana.

Nirudi kwenye mpunga, maana huko ndiko daftari linaweza kurekebishwa kesho asubuhi. Andika bei kwa kilo, wala usiandike kwa gunia. Gunia la lumbesa na gunia lililopimwa ni vitu viwili, na ukizichanganya bei zake daftari litaonyesha bei ikipanda wakati kilichopanda ni ujazo. Andika na unyevu, au angalau kama mpunga ulikuwa mkavu. Mwenye stoo alinganishe Januari na Januari zilizopita kabla ya kuilinganisha na Desemba, ili asihesabu msimu kama bahati yake. Kipimo cha wiki akitumie kwa jambo moja tu, kuchagua siku ya kuuza ndani ya mwezi aliokwisha kuupanga. Mwenye lori afanye kinyume: aishi kwa bei ya siku, na bei ya miezi aitazame pale tu anapoamua kama msimu huu aongeze safari au apunguze.

Na wale wanaotoa mikopo ya kuhifadhi mpunga huku wakiimba kwamba haushuki, nawataka waiandike ile 1,096 kwenye fomu, juu ya mstari wa saini. Mkopaji aione bei anayoihitaji mwezi wa kurejesha, baada ya unyevu, stoo na riba. Kisha afungue kumbukumbu za bei za Januari za miaka aliyonayo na ahesabu ni ngapi zilipanda hivyo kutoka Julai yake.