Widal Moja Haitoshi

Mtu anayetoka maabara pale Mwanjelwa au Ipogolo na karatasi iliyoandikwa "Widal chanya" hajaonyeshwa taifodi. Kilichoonekana ni kwamba damu yake ina kingamwili zinazoshikana na vijidudu vya salmonela vilivyouawa na kutiwa kwenye chupa ya kitendanishi. Kingamwili hizo huenda zimetengenezwa wiki hii, huenda zilitengenezwa mwaka juzi. Karatasi haisemi. Lakini mgonjwa keshafika dirisha la dawa kununua sipro, na nyumbani ameshapiga simu kwamba ana taifodi na UTI.

Huku kwetu jambo hili lina chanzo chake. Nyanda za baridi za Iringa na Mbeya zina malaria kidogo kuliko Kanda ya Ziwa, kwa hiyo kipimo cha haraka cha malaria mara nyingi kinatoka hasi. Daktari anabaki na mgonjwa mwenye homa na kichwa kinachouma, anayetaka jina la ugonjwa kabla hajarudi kwake. Widal ni rahisi, majibu yake hayachelewi, na hata maabara ndogo inayo. Ikisoma kidogo tu, uchunguzi unaishia hapo. Taifodi ipo kweli, na maji machafu tunayo. Kosa ni kuipa taifodi kila homa ambayo malaria imeikana.

Tuangalie kinachofanyika mezani. Maji ya damu ya mgonjwa huzimuliwa mara mbili zaidi kila hatua: 1:20, 1:40, 1:80, 1:160, 1:320. Hatua ya mwisho ambayo vijichembe bado vinashikana ndiyo taita. Kuna taita ya O, inayohusu mwili wa kijidudu, na ya H, inayohusu mikia yake. Kipimo cha slaidi kinatakiwa kusomwa kwa takriban dakika moja. Ukikiacha mezani ukahudumia mgonjwa mwingine, tone linakauka na kuonyesha punjepunje ambazo si mshikano wowote. Na maabara nyingine hata hazihangaiki na hatua hizo: tone moja la damu, tone moja la kitendanishi, kisha neno "chanya" bila namba.

Hata namba ikiandikwa, peke yake ni kama unyayo uani: unajua kuna mtu alipita, hujui alipita lini. Kingamwili za H hukaa miezi, hata miaka, baada ya mtu kupona au kuchanjwa. Salmonela wengine, ambao si wa taifodi, wana sehemu zinazofanana na zake, nao huwasha kipimo hichohicho. Malaria yenyewe imeshaonekana kufanya hivyo. Upande wa pili, mwenye taifodi halisi akipimwa siku ya tatu ya homa anaweza kutoka hasi, kwa sababu kingamwili za O huanza kuonekana mwishoni mwa wiki ya kwanza na za H huchelewa zaidi.

Ushahidi tunao wa nyumbani. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa watoto zaidi ya 1,600 waliolazwa hospitalini Muheza, mkoani Tanga. Damu yao ilipimwa kwa Widal ya mirija, ambayo ni makini kuliko ya slaidi, na pia ikaoteshwa maabara ili kumtafuta kijidudu mwenyewe. Kwa mpaka wa 1:80, Widal iliwakamata robo tatu ya wenye taifodi, na iliwaachia huru 98 kati ya kila 100 wasio nayo. Inasikika vizuri. Ila taifodi ilikuwa kwa mtoto mmoja hivi kati ya mia. Piga hesabu kwa watoto 1,000: wenye taifodi ni 10, Widal inawapata 7 au 8. Waliobaki ni 990, na wawili katika kila mia wanasoma chanya bila ugonjwa, yaani karibu 20. Una karatasi chanya 27 au 28 mkononi, na robo yake tu ndiyo taifodi. Hiyo ni Widal iliyofanywa kwa uangalifu wa utafiti. Slaidi iliyokaa mezani dakika tano tusiizungumzie.

Sasa mchukue mkulima wa viazi wa Uyole mwenye homa ya siku nne. Widal yake ni O 1:80, H 1:160. Anapewa sipro, homa inapungua kidogo, wiki tatu baadaye anajisikia mchovu, anarudi kupima. O 1:80, H 1:160. Anaambiwa taifodi yake ni sugu, anaandikiwa sindano za seftriaksoni. Lakini karatasi hizo mbili hazisemi hivyo. Taita ya ugonjwa unaoendelea inapaswa kupanda angalau mara nne kati ya sampuli ya kwanza na ile ya siku 10 hadi 14 baadaye, mathalani kutoka 1:40 hadi 1:160. Kutoka 1:80 hadi 1:160 ni hatua moja tu, na wasomaji wawili wa slaidi ileile wanaweza kutofautiana kwa hatua hiyo. Taita iliyosimama palepale haithibitishi taifodi. Dawa iliyoanza mapema inaweza kuzuia isipande, kwa hiyo hatusemi hakuwa nayo. Tunasema hakuna aliyeithibitisha, na kurudia Widal ili kuona kama mtu amepona ni kutupa fedha.

Na huenda mkulima huyo anakamua ng'ombe na kunywa maziwa mabichi. Bruselosisi inaleta homa ya kuja na kuondoka, jasho na uchovu wa aina hiyohiyo, na haiponi kwa siku saba za sipro. Watafiti waliopima damu za wakazi wa mkoa wa Mbeya walikuta dalili kwamba baadhi walishapata homa ya Bonde la Ufa, na wengine maambukizi ya riketsia yanayoletwa na kupe na viroboto. Homa ya mgunda nayo ipo nchini. Yote haya hayatafutwi mara Widal inaposoma.

Dawa ya tatizo hili inajulikana: kuotesha damu. Kwa mtu mzima zinahitajika mililita 8 hadi 10, zichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza cha antibayotiki, na majibu ya mwanzo hutoka baada ya siku mbili tatu. Kipimo hiki hakikamati kila mtu. Takriban nusu ya wenye taifodi hukiponyoka, na zaidi wakiwa wameshameza dawa. Lakini kikisema ndiyo, ni ndiyo, na kinaonyesha dawa ipi bado inaua kijidudu hicho. Hospitali za rufaa zitumie chupa hizo kwa homa zinazozidi siku tatu nne, na zahanati zisizo nazo ziwe na utaratibu wa kupeleka sampuli au mgonjwa. Mahali ambapo hilo haliwezekani, Widal isiandikwe bila taita ya O, taita ya H na siku ya ngapi ya homa, na chanya moja isiitwe taifodi.

Mgonjwa aliyezidiwa hasubiri lolote kati ya haya. Homa ya wiki mbili, tumbo limejaa na linauma akiguswa, au amechanganyikiwa: atolewe damu ya kuotesha, aanzishiwe dawa saa hiyohiyo na apelekwe hospitali ya karibu yenye upasuaji, hata kama Widal yake ni hasi.