Nyanya ya Kupogolewa na Nyanya ya Kuachwa

Msimu uliopita nilikata machipukizi yote ya minyanya yangu kumi iliyo nyuma ya nyumba, nikidhani naihudumia. Mbegu ilikuwa Cal J. Aina hiyo ni fupi: kila tawi hufika kimo chake, hutoa maua nchani, kisha hukoma. Kwa hiyo kila chipukizi nililolikata liliondoka na matunda yake, nami nikavuna kidogo mno.

Unaostahiki kupogolewa ni mnyanya mrefu, mathalani Moneymaker, ambao hauachi kurefuka. Simika mti wa mita mbili siku ile ile ya kupandikiza, usije ukajeruhi mizizi baadaye. Funga shina kwa kamba laini, ukiacha nafasi ya kidole, kwani litanenepa. Kila wiki tafuta chipukizi linalochomoza kwapani, baina ya jani na shina. Likiwa na urefu wa kidole, livunje kwa mkono umande ukishakauka. Usilichanganye na kishada cha maua, ambacho huota kwenye shina lenyewe, si kwapani. Majani yanayokinga matunda yaache. Tunda likianikwa juani ghafla hubabuka na kufanya baka jeupe.

Mtango hupanda wenyewe kwa vikono vyake, ukipewa wavu. Katika vifundo vitano vya chini ondoa machipukizi na maua, mmea ujijenge kwanza. Kisha vuna matango yangali machanga: likiachwa moja likawa la manjano, mmea hupunguza kuzaa mengine.