Kengele Haigusi Udongo

Wenzangu wengi bwenini hapa Kampala wanazisifu programu za simu zinazokumbusha kumwagilia maua. Mimi nazipinga, na ushahidi wangu ni mshubiri uliooza.

Programu yangu ilipanga maji kila baada ya siku 7. Nami, msahaulifu niliyekwisha kuua mimea miwili kwa kiu, nikaitii. Ikaja mvua ya Aprili. Jua likapungua, na udongo wa chungu ukabaki umelowa hata wiki mbili. Kengele haikujua hayo. Majani yalipolegea nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Kumbe mizizi ilikuwa imekosa hewa, na mzizi uliokosa hewa hauwezi kunyonya maji hata yakiuzunguka. Shina likalainika chini, likanuka.

Watetezi watasema msahaulifu lazima akumbushwe. Sawa, lakini akumbushwe nini? Kosa limo katika neno "Mwagilia". Mimi nimelifuta, nikaandika "Gusa udongo". Simu ikilia, nachomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kwa mimea ya majani laini, nikikuta pakavu namwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini, kisha namwaga yaliyotuama kisahanini. Mshubiri wangu mpya hutunza maji ndani ya majani, kwa hiyo nangoja udongo wake ukauke mpaka chini. Hapo kidole hakifiki, basi nainua chungu: kikiwa kikavu huwa chepesi.

Mwezi huu simu imelia mara nne. Mshubiri umepata maji mara moja.