Monita ya 165 Hz, waya wa 60: Acheni kununua kebo kwa macho

Kila wiki naulizwa swali lilelile na wasee wanaojenga kompyuta zao za kwanza za kuchezea gemu: "Nitumie HDMI ama DisplayPort?" Na kila wiki kuna muuzaji wa duka mjini anayewajibu kwa mkato, "Zote ni sawa tu, chukua hii ya dhahabu." Si sawa. Na dhahabu haihusiki hata kidogo.

Msimamo wangu ni huu: kama una kompyuta yenye kadi ya picha na monita yenye poti zote mbili, chomeka DisplayPort kwanza. HDMI ina kazi yake, nitaieleza, lakini isiwe chaguo lako eti kwa sababu ndiyo waya uliokuwa nyuma ya televisheni ya nyumbani.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Monita ya inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, kasi ya 165 Hz. Hii ndiyo monita ambayo vijana wengi wanaipigia mahesabu siku hizi, na mara nyingi huwa na poti za HDMI 2.0 na poti ya DisplayPort 1.4. Hiyo 165 Hz maana yake ni kwamba skrini inaweza kubadilisha picha mara 165 kwa sekunde moja. Lakini kila picha lazima ipite kwenye waya kwanza, na waya ni kama barabara. Ukipeleka matatu mia kwenye njia ya matatu hamsini, unajua kitakachofuata.

Sikumaliza chuo, lakini kuzidisha najua. Pikseli 2560 mara 1440 ni 3,686,400. Kila pikseli hubeba biti 24 za rangi: 8 za nyekundu, 8 za kijani, 8 za buluu. Zidisha hizo, halafu zidisha kwa picha 165 za kila sekunde. Unapata karibu gigabiti 14.6 kwa sekunde.

Sasa angalia barabara. HDMI 2.0 hutangazwa kuwa na gigabiti 18, lakini kila biti 8 za picha husafirishwa zikiwa zimefungwa ndani ya biti 10, kwa hivyo nafasi ya picha yenyewe ni gigabiti 14.4. Umeona shida iko wapi? Mzigo ni 14.6, gari linabeba 14.4. Na hapo hatujahesabu mapengo madogo ambayo mashine huacha kati ya mstari na mstari, na kati ya picha na picha. DisplayPort 1.4 ina nafasi ya karibu gigabiti 25.9. Mzigo huohuo unapita na nafasi inabaki.

Ndiyo maana mtu huchomeka HDMI kwenye monita kama hii, anafungua setingi, anakuta 144 ndiyo ya mwisho kwenye orodha. Anaanza kumtukana muuzaji wa monita. Monita haina kosa, buda. Soma kijitabu kilichokuja nayo: mara nyingi kimeandika wazi, HDMI mpaka 144, DisplayPort mpaka 165.

Hapa nijitofautishe na wale wanaopiga kelele kwenye video. Tofauti ya 144 na 165 ni ndogo sana. Kwa 144 Hz picha mpya huja kila milisekunde 6.9. Kwa 165 huja kila milisekunde 6.1. Hata milisekunde moja haijafika, na sidhani umepoteza mechi ya Valorant kwa sababu hiyo. Pia si kweli kwamba HDMI "inachelewesha" kipanya. Kwa monita moja na kasi moja, waya wenyewe haukupunguzii wepesi wowote.

Hasara inayouma ni nyingine, nayo ni 60 Hz. Hapo picha huja kila milisekunde 16.7, na hilo jicho linaliona hata ukizungusha kishale cha kipanya tu. Kuna watu wamejinyima miezi kununua monita ya 165 na wanaitumia kwa 60, kwa sababu Windows mara nyingi huanzia hapo mpaka uiambie vingine. Nenda kaangalie leo:

```
Settings > System > Display > Advanced display > Choose a refresh rate
```

Kama uko kwenye 60 na orodha ina 144 au 165, chagua kubwa, umemaliza. Kama orodha inaishia 60, fuata waya wako kwa mkono hadi nyuma ya kompyuta. Je, umechomekwa kwenye kadi ya picha, chini, ama juu karibu na poti za kibodi na kipanya? Ukiwa umechomekwa huko juu, unatumia picha za bodi mama, na kadi uliyoilipia imelala bure. Hamisha waya kwanza kabla hujalaumu chochote.

Sasa sababu yangu kubwa ya kupendelea DisplayPort. Gemu haitoi picha kwa mwendo sawa. Ukiwa pembeni peke yako, kadi hutoa picha 150 kwa sekunde. Bomu likilipuka zinashuka hadi 90. Monita ikiendelea na mwendo wake mmoja bila kujali, utaona picha imekatika katikati: nusu ya juu ni ya muda uliopita, nusu ya chini ni ya sasa. Dawa yake ni monita kufuata mwendo wa kadi, na kwenye monita nyingi za bei yetu dawa hiyo huitwa FreeSync.

Kadi za AMD huweza kufanya FreeSync kwa DisplayPort na, kwa monita nyingi, kwa HDMI pia. Nvidia nao walifungulia kadi zao mlango huo Januari 2019, kuanzia kizazi cha GTX 10, lakini kupitia DisplayPort. Sasa fikiria ni kadi zipi ziko kwenye kompyuta za mitumba hapa kwetu. GTX 1060, 1070, 1660 zimejaa. Mwenye kadi kama hizo akichomeka HDMI kwenye monita ya HDMI 2.0, kitufe cha G-SYNC huwa hakionekani kabisa kwenye Nvidia Control Panel. Akihamia DisplayPort na kuwasha FreeSync kwenye menyu ya monita yenyewe, kinatokea. Hiyo ndiyo faida utakayoiona kila siku, na gharama yake ni waya mmoja ambao huenda tayari uko ndani ya katoni ya monita.

HDMI basi ni ya nani? Kwanza, mwenye PlayStation 5. Konsoli hiyo haina DisplayPort, kwa hivyo hakuna mjadala, na mwisho wake ni 120 Hz. Pili, mwenye monita ya pikseli 1920 kwa 1080 ya 144 Hz. Mzigo wake ni karibu gigabiti 7.2, na HDMI 2.0 inaubeba bila kutoa jasho. Ukikuta HDMI ya zamani ya 1.4, hapo kuwa makini, maana nafasi yake ni karibu gigabiti 8.2 tu, na baadhi ya monita huishia 120 ama hata 60 kwenye poti hiyo.

Tatu, mwenye HDMI 2.1 ya kweli pande zote mbili, kadi na monita. Hiyo huenda mpaka gigabiti 48 na haina cha kuonea aibu DisplayPort 1.4. Nasema "ya kweli" kwa sababu kanuni za HDMI zinaruhusu kampuni kuandika 2.1 hata kwa kifaa ambacho uwezo wake haujavuka ule wa 2.0. Usisome namba pekee. Tafuta mstari unaosema ni pikseli ngapi kwa Hz ngapi kwenye poti hiyo. Namba ya toleo ni jina tu, mstari huo ndio ahadi.

Mtego wa mwisho ni wa kununua. Kompyuta yako ya mapajani ina HDMI, monita ina DisplayPort, muuzaji anakupa waya wenye HDMI upande mmoja na DisplayPort upande wa pili. Uliza unatoka wapi kwenda wapi. Nyaya nyingi za bei rahisi za aina hiyo hutoka DisplayPort kwenda HDMI, na zikigeuzwa hazifanyi kazi: skrini itabaki nyeusi. Kutoka HDMI kwenda DisplayPort kunahitaji kigeuzi chenye umeme wake. Kabla ya kukitafuta, angalia kama kompyuta yako ina tundu la USB-C linalotoa picha. Kama lipo, waya wa USB-C kwenda DisplayPort ni njia safi zaidi.

Na ile dhahabu? Dhahabu kwenye ncha huzuia kutu, haiongezi hata pikseli moja. Neno "8K" likichapishwa kwenye plastiki si cheti. Kwa HDMI 2.1 tafuta lebo ya Ultra High Speed yenye msimbo wa kuskani kwa simu. Kwa DisplayPort, chukua waya wa mita mbili au chini, na kama unaweza, uliothibitishwa na VESA, shirika linalosimamia DisplayPort. Kuna nyaya mbovu za DisplayPort ambazo zimeunganisha pini namba 20, ambayo hubeba umeme wa volti 3.3 na haitakiwi kuunganishwa kwenye waya wa kawaida. Dalili yake ni ya ajabu: kompyuta inagoma kuwaka mpaka uchomoe waya wa monita. Ukiona hivyo, usimpelekee fundi mashine nzima. Badilisha waya kwanza.

Waya dhaifu nao una dalili zake. Skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde moja kisha inarudi, hasa kasi ikiwa juu. Ishushe hadi 120 Hz. Tatizo likiisha, mshukiwa wa kwanza ni waya, ama urefu wake.

Kwa hivyo ukienda Luthuli ama Moi Avenue Jumamosi hii, usiulize "kebo nzuri ni gani?" Utauziwa ile inayong'aa. Piga picha za poti za kadi yako na za monita, uwe na ule mstari wa kijitabu kwenye simu, halafu useme unataka waya gani, mita ngapi, unatoka poti gani kwenda poti gani. Muuzaji akisisitiza kuwa zote ni sawa, mwambie akufungulie hiyo ukurasa ya setingi kwenye mashine ya dukani, mchomeke waya, muone orodha inaishia namba gani.