Ukibadilisha rangi ya nywele kwenye picha, liachie jua mng'ao wake

Kuna picha niliyoifuta kwenye simu yangu mwezi uliopita, na wacha nikwambie kwa nini, maana huenda na wewe uko na ndugu yake kwenye yako.

Ilikuwa picha ya manzi mmoja mwenye misuko ya namba 1B, ile nyeusi ya kawaida. Msusi wa mtaani kwetu ndiye aliyemsuka, mimi nikampiga picha nje ya saluni mwendo wa saa kumi na mbili jioni, jua likiwa limelalia mabati. Msusi akaniomba kitu kidogo tu: "Kijana wangu, nibadilishie iwe 99J niweke kwa stetasi. Siwezi nunua pakiti sita za kupigia picha."

Nikamfanyia kwa dakika tano. Misuko ikawaka kama juisi ya zambarau. Siku tatu baadaye mteja akaja na picha hiyo, akaketi saa sita akisukwa, akatoka nje kujitazama kwa kioo cha mkono. Alichokiona ni 99J halisi: maruni iliyokolea, ambayo kivulini hukaribia kuwa nyeusi. Akasema hii siyo. Akakataa kulipa salio la Sh1,500, akaenda. Msusi hakunilaumu hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nimekaa na hilo kosa nikalichambua, na msimamo wangu ni huu: wengi wetu tunaoediti nywele tunapaka rangi mahali ambapo hapana rangi ya nywele. Tunapaka jua.

Angalia unywele mmoja. Mwanga ukiugonga, sehemu fulani huruka juu ya ngozi yake ya nje bila kuingia ndani, kama unavyoruka kwenye kioo. Mwanga huo haubebi rangi ya nywele, hubeba rangi ya chanzo chake. Sehemu nyingine huingia ndani, hupita kwenye rangi, hugonga upande wa pili na kurudi nje ikiwa imetiwa rangi. Kwa hiyo nywele za kahawia au nyekundu huwa na ming'ao miwili inayokaribiana: mmoja wa rangi ya jua, na pembeni yake mmoja wa rangi ya nywele. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Stephen Marschner walipima jambo hili na kulitengenezea hesabu, na hadi leo nywele za filamu za katuni zinachorwa kwa msingi huo.

Sasa nywele nyeusi, zetu hizi, humeza karibu kila mwanga unaoingia ndani. Kinachobaki kuonekana ni ule mng'ao wa kwanza peke yake. Ndiyo maana nywele nyeusi jioni hung'aa dhahabu, na mchana upande wa kivulini hung'aa buluu kidogo: ni anga hiyo inajitazama. Hakuna dhahabu wala buluu yoyote ndani ya nywele.

Rudi kwenye picha yangu. Nilifungua tabaka jipya kwenye Photopea, nikaliweka kwenye hali ya `Color`, nikapaka maruni juu ya misuko yote. Hali hiyo hubadilisha rangi lakini huacha weupe na giza jinsi vilivyokuwa. Kwa hivyo pale penye giza maruni haikuonekana sana, na pale penye mng'ao wa dhahabu, palipokuwa na mwanga mwingi, ikageuka pinki kali. Nikaona nywele bado nyeusi, nikaongeza mwangaza wa kila kitu. Pinki ikalipuka. Uso wa manzi ulikuwa na jua la dhahabu, nywele zake zilikuwa na jua la pinki. Majua mawili kwa kichwa kimoja, na mimi nikaona ni poa.

Hivi ndivyo nilivyoirudia, na unaweza kufuata na picha yako.

Kwanza nilitafuta jua lilikuwa na rangi gani kwenye picha hiyo hasa. Usikisie kwa saa, kwa sababu simu hujirekebisha yenyewe na huenda imeshaondoa nusu ya dhahabu. Tafuta kitu cheupe kilichopigwa na jua hilohilo. Manzi alikuwa na tisheti nyeupe. Nikaigusa kwa `Eyedropper`, nikasoma 240, 188, 132, yaani nyekundu, kijani na buluu. Nyeupe halisi ingekuwa na namba tatu zinazolingana. Hapa kijani kimebaki asilimia 78 ya nyekundu, na buluu asilimia 55.

Kisha nikatafuta rangi ya 99J ikiwa chini ya mwanga usio na rangi. Nilimwazima msusi kipande cha pakiti, nikakipiga picha kivulini kando ya karatasi nyeupe, nikairekebisha picha mpaka karatasi iwe nyeupe kweli. Kipande changu kilisoma takriban 110, 25, 45. Chako kitasoma tofauti, kampuni za nywele hazifanani. Nikazidisha namba hizo kwa jua la jioni:

```
nyekundu  110 x 1.00 = 110
kijani     25 x 0.78 = 20
buluu      45 x 0.55 = 25
```

Hiyo 110, 20, 25 ndiyo rangi niliyopaswa kupaka. Imesogea kuelekea wekundu wa matofali, zambarau imepungua karibu nusu. Ukiiona peke yake utasema si 99J. Ukiiona kwenye picha ya jioni utasema ndiyo.

Hatua ya tatu ndiyo iliyookoa kazi: kuuzuia mng'ao usipakwe. Gonga tabaka la rangi mara mbili, fungua mpangilio wake wa kuchanganya, utafute `Blend If`. Kuna mstari unaohusu tabaka la chini, una pembetatu nyeusi kushoto na nyeupe kulia. Hiyo nyeupe ivute kutoka 255 hadi 200 hivi, kisha shikilia kitufe cha `Alt`, uigawanye, nusu ya kushoto uivute hadi 130. Maana yake: penye giza chini ya 130 rangi inashika kabisa, kati ya 130 na 200 inafifia polepole, juu ya 200 haipo. Dhahabu ikarudi kwenye misuko papo hapo. Namba zenyewe zitategemea picha yako, kwa hivyo vuta huku ukiangalia, lakini usiache kuigawanya. Ukikata ghafla, mng'ao utakuwa na ukingo kama stika. Halafu ule ufifiaji unafanya kazi nyingine: unaweka rangi ya nywele pembeni mwa mng'ao wa jua, palepale ambapo ule mng'ao wa pili ungekuwa.

Mwisho ni lile giza. Misuko ya 1B ina mwanga wa kama 30 tu, haiwezi kuonyesha maruni. Badala ya kuinua picha yote, nilitumia `Curves` chini ya tabaka la rangi, juu ya misuko pekee: pointi ya 30 nikaipandisha hadi 50, na ya 130 nikaipigilia ibaki 130. Giza likafunguka kidogo, mng'ao haukuguswa.

Utajuaje imetoka sawa? Linganisha mng'ao wa nywele na mng'ao wa kitu kingine kilichopigwa na jua lilelile. Hereni ya fedha ni nzuri zaidi, paji la uso lenye mafuta linatosha. Vyote vinapaswa kuegemea rangi moja. Kama paji lina dhahabu na nywele zina pinki, umepaka jua.

Mchana ni vita vingine. Hapa Nairobi saa sita na nusu jua liko karibu utosini, na Machi na Septemba kuna siku linafika utosini kabisa. Mng'ao wa kichwani unakuwa mweupe hadi kamera inashindwa: namba zote tatu zinasoma 255. Hapo hakuna habari iliyobaki ya kuokoa. Wasee hujaribu kupaka kwa `Multiply`, na kiraka hicho cheupe kinakuwa bapa la rangi moja, kama plastiki iliyoyeyuka. Kiache kiwe cheupe. Upande wa kivulini nao una ile buluu ya anga, na jaribu kubwa ni kuifuta kwa sababu inafanya rangi ya 350, ile tangawizi, ionekane na majivumajivu. Ukiifuta yote, nywele zinakosa umbo. Mimi huipunguza kidogo tu, na kama picha ni ya biashara nasema turudie kivulini, basi.

Kuna rangi moja inayofichua uongo haraka: buluu. Chukua misuko ya buluu ya 40, 60, 150, izidishe kwa jua letu la jioni. Unapata 40, 47, 83, yaani buluu iliyozimika, inayokaribia kijivu. Jua la jioni halina buluu ya kutosha kuilisha. Kwa hivyo ukiona kwa mtandao misuko ya buluu inayowaka kama taa huku mashavu ya mvaaji ni dhahabu, ujue kuna mtu alikaa na simu.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema picha ni sanaa, kila mtu afanye anavyojisikia. Picha yako ya kujifurahisha, paka hata upinde wa mvua. Lakini picha iliyo kwenye stetasi ya saluni ni bei. Mtu anaitumia kuamua atakaa kitini saa sita na atoe pesa ngapi, na akikataa kulipa, anayeumia ni aliyesuka, si aliyeediti. Hata ile niliyoirudia vizuri, yenye dhahabu mahali pake, bado inaonyesha 99J ya dakika chache za jioni. Huku kwetu jua linashuka karibu wima, ile dhahabu nzuri haikai hata nusu saa. Mteja anaishi na misuko saa zilizobaki.

Kwa hivyo nilimtumia msusi mbili: ya jioni niliyoirudia, na kando yake kile kipande cha pakiti kivulini juu ya karatasi nyeupe, nikaandika chini "jioni" na "mchana". Akaiangalia kwa muda. "Hii ya pili haina ladha," akasema. Nikamwambia ndiyo rangi yenyewe. Akaguna, akaziweka zote mbili, na mtu wa kwanza kuuliza bei aliuliza kuhusu hiyo ya pili.